SOMO LA KIINGEREZA: Nataka Kuishi, Siyo Nataka Kuondoka



Mzee mmoja wa Kisesa alikuwa mlinzi kwenye nyumba ya mgeni wa ng'ambo, Mwanza mjini. Kila siku alipanda daladala alfajiri na kurudi usiku. Nauli ilimla. Nyuma ya nyumba ile kulikuwa na chumba kitupu. Mzee akafikiri: kwa nini nisiombe kukaa humu?

Mzee huyu alikuwa anajifunza Kiingereza katika darasa letu la jioni. Akatunga sentensi yake vizuri, akaifanyia mazoezi njia nzima. Asubuhi akamwambia bosi wake: "I want to live here." Maana yake, nataka kuishi hapa. Maneno yote yalikuwa sahihi na yalipangwa sawasawa.

Bosi akakunja uso. Akauliza, lini? Mzee akajibu kwa furaha, hata kesho. Bosi akasema sawa. Jioni akamwita, akaanza kumhesabia mshahara wake wote na kumtakia heri aendako. Mzee akabaki mdomo wazi. Bahati alikuwapo fundi bomba aliyezijua lugha zote mbili, akafumbua fumbo. Kumbe bosi alisikia "I want to leave here". Yaani, nataka kuondoka hapa.

Mzee alipokuja darasani alisema: "Mwalimu, nusura neno moja linifukuze kazi." Basi somo la leo ni juu ya neno hilo moja, na mengine ya ukoo wake.

Kwa nini jambo hili hutokea

Tulipoanza kisomo tulifundishwa vokali tano: a, e, i, o, u. Katika Kiswahili vokali hizo zinatosha. Kila herufi ina sauti yake, na kila sauti ina herufi yake. Ukiona i, unasema i, basi.

Kiingereza sivyo kilivyo. Herufi za vokali ni tano zilezile, lakini sauti ni nyingi. Katika Kiingereza cha Uingereza kinachofundishwa mashuleni, wataalamu huhesabu sauti za vokali karibu 20. Kama 12 husimama mahali pamoja mdomoni, na 8 huteleza kutoka sauti moja kwenda nyingine.

Sasa, sikio letu limezoea vikapu vitano. Likiletewa sauti 20, linazigawa humo humo. Sauti mbili za Kiingereza zinazofanana na i zinatiwa zote katika kikapu cha i. Kwa hiyo "live" na "leave" kwetu zinakuwa neno moja. Si ulimi tu ulio mzito. Sikio nalo halijaona tofauti, na ulimi hauwezi kutoa tofauti ambayo sikio halijaiona.

Ushahidi tunao katika maneno tuliyoyapokea kutoka Kiingereza. Angalia basi, kadi na shati. Katika Kiingereza vokali za kwanza za maneno hayo ni tatu tofauti. Sisi tumezitia zote katika a. Tena angalia shati na nesi. Kwa Mwingereza vokali ya maneno hayo mawili ni moja. Sisi moja tumeipa a, nyingine tumeipa e. Sikio lilikosa kikapu cha sauti ile, likaitupa mara huku, mara kule.

Sisi wa kando ya ziwa hatulingani

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalijui. Lugha zetu za nyumbani hazina idadi moja ya vokali. Kikerewe kina vokali tano, na Kijita tano, kama Kiswahili. Lakini Kisukuma kina saba. Kijaluo cha ndugu zetu wa upande wa Rorya kina zaidi ya hapo, hufika tisa.

Je, zile mbili za ziada za Kisukuma ziko wapi? Mara nyingi hatuzioni kwa sababu Kisukuma huandikwa kwa herufi tano zilezile za Kiswahili. Lakini kinywani zimo. Mwombe mzee wa kijijini aseme jina la lugha yake taratibu, kama wasemavyo wenyewe nyumbani: Kisukuma. Sikiliza silabi ya kwanza tu, ki-. Halafu mwambie aseme neno la Kiswahili, kiti. Utasikia kwamba ki- ya Kisukuma si kali kama ki- ya kiti. Imelegea, imeshuka kidogo kuelekea e, lakini haijafika kwenye e. Ndiyo maana mtaalamu Herman Batibo, alipochapisha kitabu cha Kifaransa juu ya lugha hii mwaka 1985, aliandika jina lake Kesukuma, kwa e.

Sauti hiyo iliyo kati ya i na e ni jirani wa karibu sana wa sauti ya Kiingereza katika "live". Kwa hiyo Msukuma aliyekulia lugha yake hahitaji kuumba sauti mpya. Anayo tangu utotoni. Kinachomkosesha ni kwamba akisoma Kiingereza anafuata herufi alizojifunza kwa Kiswahili, na ile sauti ya nyumbani anaiacha mlangoni.

Ikiwa wewe ni Mkerewe au Mjita, au ni kijana wa mjini uliyekua na Kiswahili peke yake, usikate tamaa. Utaitengeneza sauti hiyo kwa njia iliyoelezwa hapa chini.

Jinsi ya kutoa sauti mbili za i

Sauti ya kwanza ni ya "leave". Tuiite i kali. Sema i ya Kiswahili kama katika neno siku, kisha ivute: iii. Weka vidole viwili kwenye pembe za mdomo. Utahisi midomo inavutwa pembeni kama mtu anayetabasamu. Ulimi uko juu na umekaza.

Sauti ya pili ni ya "live". Tuiite i legevu. Fanya hivi:

1. Sema i kali, usikate pumzi.
2. Legeza midomo. Tabasamu liondoke. Vidole vyako visisikie mvuto wowote.
3. Weka kiganja chini ya kidevu. Teremsha kidevu kidogo sana, kama unene wa punje ya mchele.
4. Simama hapo. Usiendelee kushuka, maana ukishuka zaidi utafika kwenye e.

Anayejua Kisukuma aanze na silabi ki- ya Kisukuma, kisha aondoe k. Kinachobaki ndicho anachokitafuta.

Sasa maliza neno. Meno ya juu yaguse mdomo wa chini, utoe v, na uishie hapo hapo. Usiongeze i nyingine mwishoni. Sisi tumezoea kufunga kila neno kwa vokali, ndiyo maana tunasema basi, benki na koti. Ukisema "livi" umetengeneza neno jingine.

Kosa la kwanza: kupima kwa urefu tu

Walimu wengi husema: "leave" ni ndefu, "live" ni fupi. Ni kweli kwa sehemu, lakini mwanafunzi akishika hilo peke yake atapotea. Atasema i kali katika maneno yote mawili, moja kwa kuvuta, jingine kwa kukata. Hivyo ndivyo mzee wetu alivyofanya. Alisema i kali fupi, na bosi akasikia "leave".

Tena urefu wenyewe hubadilika. Vokali ya Kiingereza ikifuatwa na p, t, k, f au s katika silabi yake, hukatwa ikawa fupi. Ikifuatwa na b, d, g, v au z, hurefuka. Kwa hiyo i kali ya "seat", yaani kiti, hukatwa na ile t. I legevu ya "live" hurefushwa na ile v. Mwisho wake zinaweza kukaribiana kabisa kwa urefu. Mwenye kupima kwa urefu hapo hana kipimo tena. Kipimo kinachobaki ni mahali pa ulimi na ulegevu wa midomo.

Jipime hivi. Sema "sit", yaani keti, ukivuta vokali yake makusudi kwa muda wa kuhesabu tatu. Kama ulipoivuta imegeuka i kali, basi i legevu hujaipata bado. Kama imebaki legevu mpaka mwisho, umeipata.

Kosa la pili: kushuka mno

Wengine wakiambiwa walegeze, wanaporomoka mpaka kwenye e. "Sit" inakuwa "set", na "bill", hati ya malipo, inakuwa "bell", yaani kengele. Dalili yake ni kidevu. Kama kiganja chako kimesukumwa chini sana, umepita. Rudi juu kidogo.

Zoezi la kwanza: punje za mahindi

Zoezi hili ni la sikio. Lifanye kabla ya kuanza kusema. Unahitaji punje 10 za mahindi na mtu anayetofautisha sauti hizi, kama mwalimu wa sekondari. Kama hayupo, tumia kamusi ya simu yenye alama ya spika. Ukiibonyeza inatamka neno. Mwombe mwanao au jirani aibonyeze, wewe ukiwa umegeuka usione.

Chora duara mbili chini. Ya kushoto ni "leave", ya kulia ni "live". Msemaji atamke neno moja kati ya hayo, bila mpango, mara 10. Kila mara aandike kwa siri alichosema. Wewe weka punje katika duara unayoidhani. Mwisho linganisheni.

Ukipata 5 kati ya 10, hiyo ni kubahatisha, kama kurusha shilingi juu. Hata 6 au 7 inaweza kuwa bahati. Ukipata 8 au zaidi, na kesho yake ukapata tena 8 au zaidi, sikio limeanza kupata kikapu cha sita. Hapo ndipo uanze kusema.

Mzee wetu alianza na 5. Alikasirika, akasema kamusi inamchezea. Tukamweleza afikirie ki- ya Kisukuma kila anapongoja "live". Siku hiyohiyo akapata 7. Baada ya majuma mawili ya dakika kumi kila jioni, alikuwa hapungui 9.

Zoezi la pili: jozi za maneno

Soma kwa sauti, neno la kushoto kwanza. Kidole kiwe kwenye pembe ya mdomo. Kushoto kidole kivutwe, kulia kipumzike.

- "leave", kuondoka, "live", kuishi
- "sheep", kondoo, "ship", meli
- "seat", kiti, "sit", keti
- "heat", joto, "hit", piga
- "feel", hisi, "fill", jaza
- "eat", kula, "it", hicho

Ukishamaliza, soma kinyume, kulia kwanza. Kisha soma ukiruka ruka. Mwenzako aonyeshe kwa kidole neno alilosikia. Akionyesha neno usilolikusudia, usiseme yeye ni kiziwi. Rudia wewe.

Mwisho soma sentensi hizi tatu: "I live here." "I leave here at six." "Sit on this seat." Maana yake: naishi hapa, naondoka hapa saa kumi na mbili, keti kwenye kiti hiki. Angalia neno "this". Nalo lina i legevu.

Sauti mbili za u

Mambo ya i yanafanana na ya u. Kiingereza kina u kali, kama katika "pool", bwawa la kuogelea. Pia kina u legevu, kama katika "pull", vuta. Kwa u kali midomo huchongoka mbele kama ya mtu anayepuliza moto wa jikoni. Kwa u legevu midomo hulegea, na kidevu hushuka kidogo kuelekea o.

Hapa tena Kisukuma kinasaidia. Neno la Kisukuma la mtu ni munhu. U yake si kali kama u ya Kiswahili katika tu au kuku. Ianzie hapo. Fanya mazoezi na jozi hizi: "pool" na "pull", "fool", mpumbavu, na "full", iliyojaa. Mvuvi anayetaka kumwambia mgeni kwamba mtumbwi umejaa, afadhali aijue jozi ya pili vizuri.

A moja inayobeba nne

Katika a, Kisukuma hakitusaidii, maana a yake ni moja kama ya Kiswahili. Kiingereza kina maneno manne haya: "hat", kofia, "hut", kibanda, "heart", moyo, "hurt", umiza. Wengi wetu hapa Afrika Mashariki tunayasema yote "hat" kwa a moja. Mgonjwa akimwambia daktari mgeni kwamba moyo wake unauma, yaani "my heart hurts", neno likasikika pekee bila kugusa kifua, daktari anaweza kutafuta kofia.

Yapange kwa upana wa kinywa:

"Heart" ndiyo pana na ndefu. Sema aa kama katika saa, kinywa kikiwa wazi.

"Hut" ni a fupi ya kawaida, iliyolegea. A ya Kiswahili iko karibu nayo kabisa. Usiivute.

"Hat" iko kati ya a na e. Anza na e ya Kiswahili, fungua kinywa zaidi bila kurudisha ulimi nyuma. Masikio ya wazee wetu yaliwahi kuisikia sauti hii kama e. Ndiyo maana tunasema benki na feni, ingawa Waingereza huandika a katika maneno hayo.

"Hurt" ndiyo ngumu, maana haina jirani yeyote katika Kiswahili. Ni ile sauti ya shati na nesi tuliyoitaja juu. Fungua kinywa kidogo tu. Midomo isivutwe wala isichongoke. Ulimi ulale katikati, usipande mbele wala usirudi nyuma. Toa sauti ndefu. Kama imesikika aa, umefungua mno. Kama imesikika ee, ulimi umekwenda mbele.

Fanya zoezi la punje kwa jozi mbili kwanza: "heart" na "hurt". Ukifika 8 kati ya 10, ongeza "hat". "Hut" iwe ya mwisho. Usianze na nne kwa pamoja, utachanganyikiwa.

Mahali ambapo si lazima

Tuseme kweli. Watanzania na Wakenya wakisemezana Kiingereza kwa vokali tano huelewana, kwa sababu wote wana vikapu vilevile, na maneno ya jirani hufichua maana. Ukisema umeona "sheep" kubwa imetia nanga bandarini, hakuna atakayedhani ni kondoo. Hatari huwa pale neno linapokuwa peke yake, na maana zote mbili zinawezekana, na msikilizaji ni mgeni. Ndivyo ilivyokuwa kwa "live" na "leave" mbele ya bosi.

Kwa hiyo, mpaka ulimi utakapozoea, weka akiba. Ongeza neno linalofunga maana, kama "I want to live in this room", nataka kuishi katika chumba hiki. Au tumia neno jingine lisilo na pacha, kama "stay", yaani kukaa.

Mzee wetu alifanya yote mawili. Alirudi kwa bosi na kusema: "I want to stay. I want to live in this room." Safari hii alionyesha chumba kwa kidole. Sasa anakaa humo, na nauli inabaki mfukoni. Jioni akiwa lindoni humwaga punje zake kwenye saruji. Yuko kwenye "heart" na "hurt", na juzi alipata 6.

MASWALI

1. Kwa nini bosi alifikiri mzee anataka kuondoka?
2. Kisukuma kina vokali ngapi? Kikerewe je?
3. Kwa nini urefu peke yake si kipimo cha kutosha cha kutofautisha "seat" na "live"?
4. Umefanya zoezi la punje ukapata 6 kati ya 10. Je, uanze kusema au uendelee kusikiliza?
5. Mwenzako anasema "bell" badala ya "bill". Kidevu chake kimefanya kosa gani?

MAJIBU

1. Mzee alitamka i kali fupi, na bosi akasikia "leave".
2. Kisukuma saba, Kikerewe tano.
3. Kwa sababu t hukata vokali ya "seat" na v hurefusha ya "live", hata zikakaribiana.
4. Endelea kusikiliza, maana 6 inaweza kuwa bahati.
5. Kimeshuka mno. Arudi juu kidogo.